Kuuliza kwanza, kisha ndipo kuamua kuingia kwenye zabuni

*"Kampuni yetu ina watu tisa na kazi yetu ni kugeuza nyaraka za karatasi kuwa za kidijitali. Tumepata mwaliko wa kuwasilisha mapendekezo ya kuskani majalada takriban 40,000. Kazi iishe ndani ya siku 120, bei iwe moja kwa kazi yote, majalada yasitoke kwenye jengo, na mzabuni awe amewahi kufanya miradi mitatu ya aina hiyo. Sisi tumefanya miwili. Mambo mengi hayaeleweki. Mkurugenzi wangu anasema tukiuliza tutaonekana hatujui kazi, na kwamba anayeuliza amekwisha jifunga kuomba. Muda wa maswali unaisha baada ya siku mbili. Tuulize au tusiulize, na tukiuliza, tuulize nini?"*

Ulizeni, na ulizeni kesho, msingoje keshokutwa. Mkurugenzi wako ana hofu mbili tofauti, na ni vyema uzijibu kila moja peke yake, kwa sababu moja haina msingi kabisa na ya pili ina chembe ya ukweli ndani yake.

Hofu ya kwamba anayeuliza amejifunga haina msingi. Kinachomfunga mzabuni ni pendekezo alilolitia saini na kuliwasilisha, likiwa na muda wake wa uhalali, na mara nyingi likiwa na dhamana ya zabuni. Akijitoa baada ya siku ya mwisho ya kuwasilisha na kabla ya muda huo wa uhalali kwisha, dhamana inaweza kuchukuliwa. Kabla ya siku hiyo mtu anaweza kuuliza, kupata majibu, kuyatafakari na kukaa kimya bila kudaiwa chochote. Ndiyo maana maswali yana faida kubwa zaidi kabla ya uamuzi kuliko baada yake: ni hatua ambayo gharama yake ni muda wenu tu. Jambo moja la kuhakikisha ni kama hati inataka watakaouliza wajiandikishe kwanza au watume barua ya kuonyesha nia. Kwa kawaida barua ya namna hiyo haimfungi mtu, lakini isomeni maneno yake kabla ya kuitia saini.

Hofu ya kuonekana hamjui kazi ndiyo yenye chembe ya ukweli, ingawa si kwa namna anavyodhani. Kamati ya tathmini hutoa alama kwa vigezo vilivyoandikwa katika hati, na "aliuliza maswali mengi" si mojawapo. Katika ununuzi wa umma, desturi iliyoenea ni kwamba jibu hutumwa kwa wazabuni wote bila kutaja aliyeuliza. Sheria ya Mfano ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011, iliyoandaliwa na tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia sheria za biashara ya kimataifa, inaliweka hilo wazi katika kifungu cha 15, na nchi nyingi zina kanuni zinazofanana nayo. Kwa hiyo hatari yenu haitoki kwa mnunuzi. Inatoka kwa washindani, ambao watasoma swali lenu neno kwa neno. Hilo nitalirudia, kwa sababu linabadilisha jinsi swali linavyoandikwa.

Mnunuzi binafsi ni habari nyingine kidogo. Halazimiki kumpa kila mtu majibu yale yale, na wengine hujibu kwa aliyeuliza tu. Someni sehemu ya maelekezo kwa wazabuni ili mjue mko katika hali ipi.

Inasaidia pia kujua kwa nini hati hizi huwa na mapengo. Mara nyingi huandikwa na mikono miwili. Idara yenye shida, kwa mfano ya masijala, huandika hadidu za rejea kwa kadiri inavyoielewa kazi. Ofisa ununuzi huchukua hadidu hizo na kuziweka ndani ya hati ya kawaida iliyokwisha tumika kwa ununuzi mwingine, pengine wa kitu kisichohusiana kabisa. Matokeo yake ni kwamba hadidu zinasema kazi itafanyika kwa awamu, na masharti ya malipo yanasema malipo yote yatafanyika mwishoni. Hakuna aliyefanya hila. Hakuna aliyesoma kurasa zote mbili siku moja. Swali lenu litampata ofisa ununuzi, naye atalipeleka masijala, jibu litarudi kwake, na pengine atalipitisha kwa mwanasheria kabla ya kulitoa. Safari hiyo huchukua siku kadhaa, na ndiyo sababu swali fupi lenye namba ya kifungu na ukurasa hujibiwa vizuri kuliko aya ndefu yenye malalamiko matano ndani yake. Swali lenye mambo matano hupata jibu moja: "Rejea hati ya zabuni."

Sasa tuingie kwenye hati yenu. Kabla ya kuandika swali lolote, kaeni na kalamu mpige hesabu ndogo ya kutafuta kikomo chenu, yaani kiasi ambacho kikizidi, kazi hii haiwezekani kwenu. Tuseme mna watu sita wa kukaa kwenye mashine, na kila mmoja, ukijumlisha kutoa pini, kunyoosha karatasi, kuskani na kukagua, hukamilisha kurasa 2,500 kwa siku. Wekeni takwimu yenu halisi kutoka miradi miwili mliyofanya, wala si ile iliyoandikwa kwenye kijitabu cha mashine, kwa maana mashine haitoi pini. Siku 120, kama ni za kalenda na mnafanya kazi siku tano kwa wiki, ni kama siku 86 za kazi. Watu sita kwa siku 86 wanafikia kurasa 1,290,000, na ukigawa kwa majalada 40,000 unapata kurasa 32 kwa jalada. Kama siku 120 ni za kazi, mnafikia kurasa 1,800,000, ambazo ni kurasa 45 kwa jalada.

Tazama kilichotokea. Hati nzima imekuwa maswali mawili ya kwanza: je, wastani wa kurasa kwa jalada ni chini au juu ya 32, na je, siku ni za kalenda au za kazi? Jalada likiwa na wastani wa kurasa 30, watu wenu sita wanamaliza kwa siku 80 za kazi. Likiwa na kurasa 90, wanahitaji siku 240, na kwa bei moja ya kazi yote tofauti hiyo inatoka mfukoni mwenu. Mkurugenzi anayesema msiulize anaomba mweke saini mbele ya tofauti ya mara tatu bila kujua mko upande gani.

Kipimo ninachokitumia kwa kila swali ni hiki: pembeni mwa swali andikeni majibu mawili yanayowezekana, na mbele ya kila jibu andikeni mtakachofanya. Kama majibu yote mawili yanawapeleka kwenye hatua ile ile, lifuteni swali. Mtashangaa orodha ya maswali ishirini inavyobaki na matano. Yale yaliyofutwa si mabaya. Mengi ni ya kupanga kazi, na mengine mnaweza kuyajibu wenyewe ndani ya pendekezo.

Kwenu nadhani yatabaki haya: wastani wa kurasa, aina ya siku, nafasi na saa za kufanyia kazi ndani ya jengo, uzoefu wa mshirika, na muda wa mnunuzi kukubali kazi. La nafasi ni rahisi kulisahau. Majalada hayatoki, kwa hiyo mashine ndizo zitakazoingia, na kama chumba kinachukua meza nne tu na jengo linafungwa jioni, watu wenu sita wamekuwa wanne, na hesabu yote ya juu inashuka kwa theluthi moja. La kukubali kazi ni la fedha: ikiwa malipo yanategemea hati ya kukubali, na hakuna siku zilizotajwa za kutoa hati hiyo, mnaweza kumaliza kazi mkakaa miezi mkimngoja mtu mmoja afungue mafaili.

Uandishi wake ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Swali kama "Tafadhali fafanueni zaidi kuhusu hali na wingi wa majalada" litajibiwa "Wingi umetajwa kwenye hadidu za rejea," na jibu hilo litakuwa sahihi. Andikeni hivi:

> Kifungu cha 4.2, ukurasa wa 17, kinataja majalada takriban 40,000. (a) Je, mnunuzi anakadiria wastani wa kurasa ngapi kwa jalada, na je, karatasi yenye maandishi pande mbili inahesabiwa kuwa ukurasa mmoja au miwili? (b) Kama wastani haujulikani, je, wazabuni wataruhusiwa kutembelea masijala na kuhesabu sampuli, au bei itatolewa kwa kila ukurasa badala ya bei moja kwa kazi yote?

Sehemu ya (b) ndiyo yenye kazi. Mnunuzi asiyejua wastani hana cha kujibu kwenye (a), lakini (b) inampa milango miwili ya kutokea, na mlango wowote kati ya hiyo unawafaa nyinyi. Kumpa mtu wa upande wa pili jibu analoweza kulitia saini bila kuitisha kikao ni nusu ya ufundi wenyewe.

Nafasi ya kufanyia kazi ndipo washindani wanapowasoma. Tuseme mpango wenu wa siri ni kufanya zamu mbili ili mashine tatu zifanye kazi ya sita. Mkiuliza, "Je, tunaweza kuleta mashine tatu na kufanya zamu ya pili hadi usiku?", mmewapa wote mbinu yenu pamoja na jibu. Ulizeni badala yake, "Je, chumba kitakachotumika kina ukubwa gani na njia ngapi za umeme, na jengo linafikika siku na saa zipi?" Mtapata mnachokihitaji, na anayesoma hatajua mnakusudia nini. Kanuni yenyewe ni kuuliza juu ya mazingira ya mnunuzi bila kugusa njia yenu. Ondoeni pia jina la kampuni ndani ya mwili wa swali, ili ofisa asilinakili pamoja nalo kwa bahati mbaya.

Uzoefu unahitaji tahadhari ya pekee. Mna miradi miwili na hati inataka mitatu. Kuna ushauri unaosikika sana kwamba mtu asiulize jambo ambalo jibu lake linaweza kumfungia mlango, na mara nyingine ushauri huo ni wa busara: kama maneno ya hati tayari yanaruhusu tafsiri yenu bila utata, kuuliza ni kualika jibu kali ambalo halikuwepo. Lakini hapa utata uko wazi, na sharti la uzoefu kwa kawaida ni la kupita au kuanguka. Asiyelitimiza hutolewa kabla hata pendekezo lake la kiufundi halijasomwa, na kazi yote ya kuliandaa inapotea. Kwa hiyo ulizeni moja kwa moja: "Je, uzoefu wa mshirika katika ubia utahesabiwa kutimiza sharti la kifungu cha 3.1?" Jibu likiwa hapana, mmeokoa majuma mawili ya kazi. Likiwa ndiyo, anzeni siku hiyo hiyo kumtafuta mshirika.

Wapo wanaosema kwamba utata ukiachwa, sheria humpendelea ambaye hakuandika hati. Hilo ni kweli kwa kiasi tu. Kanuni ya kutafsiri utata dhidi ya mwandishi ipo katika mifumo mingi ya sheria, lakini katika mikataba ya serikali ya Marekani, kwa mfano, mahakama hutofautisha utata uliojificha na utata ulio wazi kwa msomaji makini. Aliyeuona utata wa wazi, au aliyepaswa kuuona, na akanyamaza hadi aliposaini, hawezi kuutumia baadaye kudai fedha. Alikuwa na wajibu wa kuuliza. Sheria ya mkataba wenu inaweza kuwa tofauti, lakini msijenge bei yenu juu ya tegemeo hilo.

Wala msidhani mnaweza kuliziba pengo kwa kuandika dhana zenu ndani ya pendekezo, kama "bei hii inachukulia kurasa 30 kwa jalada." Baadhi ya hati huruhusu jambo hilo. Nyingi huliona kuwa ni sharti lililowekwa na mzabuni, na pendekezo lenye masharti linaweza kukataliwa kwa kutokidhi matakwa. Kwanza tafuteni hati inasema nini kuhusu hilo. Kama haisemi, liongezeni kuwa swali.

Tumeni maswali kwa njia iliyotajwa katika hati na kwa hiyo tu, iwe barua pepe au mfumo wa ununuzi wa mtandaoni, na mtunze uthibitisho wa kupokewa. Simu kwa mtu mnayemfahamu ndani ya taasisi ni jambo la kuepuka kabisa. Jibu la mdomo kwa kawaida halimfungi mnunuzi, na mawasiliano nje ya njia rasmi yanaweza kuwaondoa kwenye mashindano. Hesabuni pia saa, si siku pekee. Mimi mwenyewe niliwahi kutuma maswali saa moja baada ya muda kufungwa, kwa kuwa nilisoma tarehe nikaacha kusoma saa iliyoandikwa pembeni yake. Sikujibiwa hata moja, na hakuna niliyeweza kumlaumu.

Barua yenyewe haihitaji utangulizi wa kujisifu. Namba ya zabuni, sentensi moja ya kuomba ufafanuzi, kisha maswali yenye namba, kila moja likianza na kifungu na ukurasa. Msiandike kwamba mnakusudia kuomba, wala msiandike kwamba bado mnasita.

Huku mkisubiri, wekeni siku ya uamuzi na mwiandike mahali. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi: kampuni inauliza ili iamue, kisha inaanza kuandika pendekezo "ili tusichelewe," na majibu yanapokuja tayari kuna kurasa sitini zilizoandikwa na hakuna mwenye moyo wa kuziacha. Kabla ya majibu fanyeni yale tu ambayo yatawafaa hata msipoomba, kama kupima kasi yenu halisi au kuzungumza na anayeweza kuwa mshirika. Yeyote atakayekuwa na kauli ya mwisho akubali mapema kikomo ni kipi, kwa mfano kurasa 32, ili mjadala wa siku hiyo uwe juu ya namba na usiwe juu ya matumaini.

Majibu yakija, yatakuja katika waraka mmoja wenye maswali ya watu wote, na mara nyingine pamoja na waraka wa marekebisho. Marekebisho ni sehemu ya hati, na fomu ya kuwasilisha pendekezo mara nyingi hutaka mkiri kuwa mmeyapokea, kwa hiyo yasomeni hadi mwisho. Yasomeni pia maswali ya wengine. Yanaonyesha mangapi hayakuwajia akilini, na pengine yanaonyesha anayeuliza anaifahamu masijala ile kutoka ndani.

Baadhi ya majibu hayatajibu. "Mzabuni atumie uzoefu wake" maana yake ni kwamba mnunuzi ameona hatari hiyo na ameamua iwe yenu. "Itaelezwa wakati wa utekelezaji" maana yake ni kwamba hajui, na atajua mkiwa mmekwisha saini. Yapokeeni kama majibu kamili. Tuseme kuhusu kurasa mmejibiwa kwamba wastani haujulikani, bei inabaki moja, na ziara inaruhusiwa. Nendeni. Chukueni majalada hamsini kutoka rafu tofauti, za juu na za chini, za zamani na za karibuni, maana yaliyo karibu na mlango mara nyingi ndiyo mapya na membamba. Hesabuni kurasa zake zote. Wastani ukiwa 28, mko ndani ya kikomo, ingawa kwa kubana, na bei ibebe akiba ya kutosha. Ukiwa 74, kazi ni karibu kurasa milioni tatu, inayohitaji zaidi ya siku 1,180 za mtu mmoja. Hapo hata siku 120 zikiwa za kazi mnahitaji watu kumi, na chumba cha meza nne kimekwisha waamulia.

Kama muda uliobaki unaruhusu na jibu limezua utata mpya, swali la pili la kufuatilia linakubalika. La tatu juu ya jambo lile lile ni dalili kwamba mnatafuta jibu mnalolitaka. Mkiamua kutoomba, barua ya mistari mitatu kwa mnunuzi inatosha. Mkisema kwamba muda na bei moja havikulingana na wingi wa kurasa, huenda hati ijayo ikaandikwa vizuri zaidi, na jina lenu likakumbukwa kwa hilo.

Yapo mambo matatu ambayo jibu langu hapa halitoshi. Kama rasimu ya mkataba inawatwisha fidia isiyo na kikomo kwa jalada lililopotea au kuchanika, au faini ya kuchelewa isiyo na ukomo, mpelekeeni mwanasheria wa mikataba karatasi zenyewe kabla muda wa maswali haujaisha, kwa kuwa pendekezo la kubadilisha kifungu mara nyingi hupokelewa kama swali tu na si baadaye. Kama mnaingia ubia, naye aandike makubaliano yenu, hasa nani anawajibika kwa kazi ya mwenzake, kwani hati nyingi huwafanya washirika wawajibike kwa pamoja na kila mmoja kwa deni lote. Na kama dhamana ya zabuni inatakiwa, nendeni benki kesho hiyo hiyo mkaulize inachukua siku ngapi kuitoa na wanashikilia nini, hata kabla hamjajua kama mtaihitaji.